Mkondo Haukucheleweshi

Chukua mtumbwi mmoja, mpiga kafi mmoja, na mto wenye upana wa mita 180. Siku ya kwanza maji hayaendi popote. Mpiga kafi anaelekeza omo ng'ambo moja kwa moja, anakwenda mita 90 kwa dakika, na baada ya dakika 2 anagusa ukingo wa pili. Siku ya pili mto umejaa na mkondo unateremka mita 54 kila dakika. Omo anaielekeza ng'ambo kama jana, kafi analipiga kwa nguvu zilezile, wala hajisumbui kushindana na maji. Atatumia dakika ngapi kufika ukingo wa pili?

Ukiwauliza watu, wengi watasema tatu, au mbili na ushei, kwa sababu maji "yanamrudisha". Jibu ni dakika 2, vilevile. Atafika mahali pengine, mita 108 chini ya diko alilokuwa analitazama, lakini saa haitaongezeka hata kidogo.

Tarakimu hizi nimezichagua mimi ili hesabu zitoke vizuri. Mto uache uwe Rufiji, sehemu yake ya chini, ambako umeshapokea maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu na unapita katika nchi tambarare kuelekea Utete, Ikwiriri na kisha delta. Kuna sehemu mto huo ni mpana mara kadhaa kuliko mita 180. Magari yanavuka kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, tangu 2003. Kabla ya hapo yalikuwa yakisubiri pantoni Ndundu. Lakini watu wako kingo zote mbili, kwa hiyo mtumbwi bado una kazi.

Turudi kwenye zile dakika 2. Fikiria sisimizi anavuka mkeka kutoka upindo mmoja hadi wa pili, na wakati huohuo mtu anauvuta mkeka sakafuni kwa upande. Sisimizi hajui habari za mkeka kuvutwa. Hatua zake juu ya ukili ni zilezile na muda wa kuumaliza upana wa mkeka ni uleule. Anayeona tofauti ni wewe uliyesimama sakafuni: kwako sisimizi amekwenda mshazari. Mto ni mkeka huo. Mtumbwi unatembea juu ya maji, na maji yanatembea juu ya nchi. Mwendo wa kwanza unakatiza mto, wa pili unafuata mto, na kwa kuwa mielekeo hiyo miwili ina pembe mraba kati yake, hakuna hata sehemu ndogo ya mwendo wa maji inayompunguzia mvukaji safari yake ya kukatiza.

Hapo ndipo mchoro unapoingia. Kasi ikiwa na mwelekeo huitwa vekta, na vekta huchorwa kama mshale: urefu wake unasema kasi ni kiasi gani, ncha yake inasema inaelekea wapi. Tuseme sentimita 1 ya karatasi ni mita 10 kwa dakika. Chora mshale wa mtumbwi, sentimita 9, kutoka ukingo wa chini ya karatasi kwenda juu, moja kwa moja. Kwenye ncha ya mshale huo, wala si mahali pengine, anzisha mshale wa mkondo, sentimita 5.4, kuelekea maji yaendako. Sasa unganisha mwanzo wa mshale wa kwanza na ncha ya mshale wa pili. Huo mstari wa tatu ndio mwendo ambao mtu aliyesimama ukingoni anauona. Upime kwa rula: sentimita 10 na nusu hivi, yaani mita 105 kwa dakika. Upime kwa kipimapembe: umelala nyuzi 31 kutoka kwenye mstari wa kwenda ng'ambo moja kwa moja.

Angalia jambo moja la ajabu kwenye karatasi hiyo. Mtumbwi, ukitazamwa kutoka nchi kavu, sasa unakwenda kwa kasi zaidi kuliko siku ya maji yaliyotulia: mita 105 badala ya 90. Unasafiri njia ndefu zaidi, lakini kwa kasi iliyoongezeka kwa uwiano uleule, na ndiyo maana muda haubadiliki. Kwa hiyo anayetaka tu kufika upande wa pili mapema, mahali popote, aelekeze omo ng'ambo moja kwa moja na auache mto umchukue. Hakuna uelekeo mwingine utakaomfikisha haraka zaidi.

Shida ni kwamba watu hawavuki mto ili wafike popote. Kuna diko lenye njia ya kupandia, na mita 108 chini yake huenda kuna ukingo uliokatika wima, au matete ambayo kiboko ameyafanya nyumba yake. Mvukaji anataka kufika pale alipopaona. Na hapo ndipo gharama inapoanza, ingawa gharama yenyewe haitozwi na mkondo. Inatozwa na hamu ya kufika mkabala.

Ili afike mkabala, lazima ageuze omo ielekee juu ya mto kidogo, ili sehemu ya nguvu yake ya kafi ifute ule mteremko wa mita 54. Mchoro wake unaanzia upande wa pili wa fikra. Safari hii hatujui mtumbwi uelekezwe wapi. Tunachojua ni kwamba jumla ya mishale miwili lazima iende ng'ambo moja kwa moja. Chora kwanza mstari mrefu wa kukatiza mto, bila kuweka kipimo. Kutoka mwanzo wa mstari huo chora mshale wa mkondo, sentimita 5.4, kwenda chini ya mto. Kisha chukua bikari, ifungue sentimita 9, weka sindano kwenye ncha ya mshale wa mkondo, na ukate ule mstari mrefu. Kutoka kwenye sindano hadi ulipokata ndio mshale wa mtumbwi. Pima: umeegemea juu ya mto kwa nyuzi 37 kutoka kwenye mstari wa kwenda ng'ambo, na kipande cha ule mstari mrefu kilichokatwa kina sentimita 7.2. Maana yake mtumbwi unakatiza mto kwa mita 72 kwa dakika tu, na mita 180 zitachukua dakika 2 na nusu.

Walimu wa fizikia ya kidato cha tatu wanalijua kosa linalojirudia hapa. Mwanafunzi ameshapata nyuzi 31 katika mchoro wa kwanza, basi anasema: kama maji yalinivuta nyuzi 31 chini, nitaelekeza omo nyuzi 31 juu na mambo yatakuwa sawa. Yanakaribia kuwa sawa, na hapo ndipo penye mtego. Akifanya hivyo, sehemu ya kasi yake inayopambana na mkondo ni mita 46 kwa dakika, wakati mkondo ni 54. Zinabaki karibu mita 8 za kuteremka kila dakika, na atafika mita 18 chini ya diko. Sababu iko kwenye umbo la pembetatu. Katika mchoro wa kwanza ule mshale wa sentimita 9 ulikuwa moja ya pande fupi zinazokutana kwenye pembe mraba. Katika mchoro wa pili umekuwa upande mrefu unaoitazama pembe mraba. Vipimo ni vilevile, pembetatu ni mbili tofauti. Anayechora kwa rula hawezi kukosea hapo, na anayekimbilia kikokotoo hukosea mara kwa mara. Kwa hiyo mimi ningemlazimisha kila mwanafunzi achore kwanza.

Sasa mkondo ukizidi. Masika yamekolea, na maji yanateremka mita 120 kwa dakika, wakati kafi linatoa mita 90 zilezile. Rudia mchoro wa bikari: mshale wa mkondo ni sentimita 12, bikari imefunguliwa sentimita 9, na duara lake haliufikii ule mstari wa kukatiza mto. Mchoro umesema waziwazi kwamba kufika mkabala haiwezekani, na hakuna uelekeo wa omo utakaoleta miujiza. Lakini mchoro huohuo unaonyesha njia yenye hasara ndogo kuliko zote. Zungusha bikari uchore duara zima, kisha kutoka mwanzo wa mshale wa mkondo chora mstari unaoligusa duara hilo pembeni tu bila kulikata. Huo ndio mwendo uliokaribia zaidi kukatiza mto ambao mtumbwi huo unaweza kuupata. Omo itakuwa imeegemea juu ya mto karibu nyuzi 49, safari itachukua dakika 3, na mtumbwi utafika mita 159 chini. Angeelekeza omo ng'ambo moja kwa moja angefika kwa dakika 2, lakini mita 240 chini. Hapo mvukaji achague kati ya muda na mahali. Akiegemeza omo juu zaidi ya nyuzi 49, kwa kudhani kwamba kupambana zaidi ni kushuka kidogo, atapoteza vyote viwili: atakaa mtoni muda mrefu zaidi na atafika chini zaidi.

Wavushaji wenye uzoefu hawana bikari, na wala hawajiingizi kwenye mtihani huo. Wanaanza safari juu ya diko. Kandokando ya ukingo, hasa upande wa ndani wa kona, maji ni mafupi na ya polepole, na mtumbwi unaweza kupandishwa kwa upondo, au kuvutwa kwa kamba na mtu anayetembea nchi kavu. Ukipandishwa mita 108 katika mfano wetu wa kwanza, omo inaelekezwa ng'ambo moja kwa moja na mto wenyewe unamaliza kazi ya kumfikisha mtu dikoni. Pembetatu ni ileile. Kilichohama ni mwanzo wake.

Mto halisi una jambo ambalo mshale mmoja wa sentimita 5.4 hauwezi kulisema. Mkondo hauendi sawa kila mahali. Kwenye sehemu iliyonyooka unakwenda kasi zaidi katikati, na kwenye kona unakwenda kasi upande wa nje, kule kunakoliwa na maji, ambako kina ni kirefu na ukingo umesimama wima. Kwa hiyo anayeshika uelekeo mmoja mwanzo hadi mwisho hachori mstari ulionyooka. Kama amepima uelekeo wake kwa wastani wa mkondo, atapanda kidogo juu ya mto akiwa kwenye maji ya pembeni, atateremshwa anapofika katikati, kisha atapanda tena anapokaribia ng'ambo. Anayetaka kunyoosha njia lazima achore pembetatu mpya kila baada ya mita chache, na hilo ndilo jicho lake linafanya bila kuliita pembetatu. Anatafuta vitu viwili ng'ambo vilivyopangana, tuseme mti ulio ukingoni na mnazi ulio nyuma yake. Vikibaki vimepangana, anakwenda moja kwa moja. Mti wa mbele ukianza kuteleza kuelekea juu ya mto mbele ya mnazi, mtumbwi unateremshwa na omo inahitaji kuegemezwa zaidi. Mti wa mbele ukiteleza kwenda chini, ameegemeza kupita kiasi. Kitu kimoja peke yake hakitoshi. Anayekazia macho mti mmoja na kuuelekezea omo muda wote atachora upinde mrefu, atageuka kidogo kidogo, na atamalizia safari akipiga kafi kupanda mto.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vinalipita haraka, nami naona ndiyo mzizi wa mkanganyiko wote. Mchoro tulioutumia hadi sasa ni wa kasi. Haukuwa mchoro wa kani, yaani wa misukumo na mivuto. Mtumbwi unaoelea huru katikati ya mto wenye mkondo ulio sawa hausukumwi upande na maji yale. Unakwenda nayo. Ukiweka kafi ndani na kukaa kimya, majani yanayoelea pembeni yako hayatasogea karibu wala kwenda mbali, na hutahisi maji yakigonga ubavu. Kani zilizopo mtumbwi ukienda ni mbili tu za kukumbuka: kafi linausukuma mbele, na maji yanaukinza kutoka mbele, kwenye mstari uleule. Mkondo haumo. Maji husukuma ubavu pale tu mwendo wao na wa mtumbwi vinapotofautiana kwa upande. Hali hiyo hutokea kwa kitambo kifupi unapotoka kwenye maji tulivu ya ukingoni na kuingia kwenye mkondo: omo imeshashikwa na maji ya kasi, tezi bado iko kwenye utulivu, na mtumbwi unataka kuzunguka. Mtumbwi unaweza kupinduka hapo, ndiyo maana mvushaji huinamisha omo juu ya mto kabla hajaugusa mstari wa maji ya kasi.

Msukumo wa kweli na wa kudumu unaupata ukifunga mtumbwi kwa kamba. Tuseme umeufunga katikati ya mto kwa kamba mbili, moja kwa kila ukingo, na maji yanausukuma kwa uzito wa kilo 30. Sasa kuna kani tatu na mtumbwi umetulia. Chora msukumo wa maji kuelekea chini ya mto, kwenye ncha yake anzisha mvuto wa kamba ya kwanza, kwenye ncha ya huo anzisha mvuto wa kamba ya pili, na mshale wa tatu utaishia palepale ulipoanzia wa kwanza. Pembetatu imejifunga, na mishale yote mitatu inafukuzana kuzunguka upande mmoja. Hiyo ndiyo pembetatu ya kani ambayo Simon Stevin, mhandisi wa Nchi za Chini, aliieleza katika kitabu chake cha 1586. Ilinganishe na ile ya kasi, ambamo mshale wa tatu haufukuzani na wenzake bali unatoka walipoanzia na kwenda walipoishia. Pembetatu ya kasi inatoa jumla. Pembetatu ya kani iliyojifunga inasema jumla ni sifuri. Kwenye karatasi zinafanana kiasi kwamba ukisahau ncha za mishale huwezi kuzitofautisha.

Pembetatu hii nayo ina onyo lake kwa anayefunga kamba. Kila kamba ikienda juu ya mto kwa nyuzi 60 kutoka kwenye mstari wa mkondo, pande zote tatu zinalingana na kila kamba inabeba kilo 30. Ukizikaza hadi zifike nyuzi 80, yaani karibu zikate mto moja kwa moja, kila moja inabeba kilo 86. Kwenye nyuzi 85 ni kilo 172. Kamba iliyonyooka inapendeza macho, na ndiyo inayokatika. Na mkondo ukiongezeka mara mbili, msukumo wenyewe huongezeka karibu mara nne, kwa hiyo kamba iliyotosha wakati wa kiangazi haina hakika ya masika.

Mahali pembetatu hizi zinapofanya kazi ya riziki kila siku ni mji wa Basel, Uswisi, kwenye mto Rhine. Huko kuna vivuko vidogo vinne visivyo na injini, na cha kwanza kilianza 1854. Waya mnene umetandazwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kimening'inia kwenye waya huo kwa kamba yenye roda inayoteleza. Mvushaji anageuza chombo kilale mshazari, maji yanagonga ubavu uliolala, na msukumo unaopatikana si wa kwenda chini ya mto pekee. Sehemu yake inaelekea ng'ambo. Kamba inavuta kuelekea juu ya mto na inafuta ile sehemu ya kwenda chini. Sehemu ya kwenda ng'ambo haina wa kuifuta, kwa kuwa roda haizuii kitu upande huo. Pembetatu haijifungi, na pengo lake ndilo linalokiondoa chombo kwenye gati. Kadiri kinavyoshika kasi ndivyo maji yanavyokikinza zaidi, pengo linapungua, na kinapofikia mwendo wake wa kudumu pembetatu imejifunga tena. Akitaka kurudi, mvushaji anahamisha kamba upande wa pili wa chombo, anageuza usukani, ubavu wa pili unalala kwenye maji, na mkondo uleule unampeleka alikotoka.